Hatua nne kutoka mezani hadi jikoni

Meza yangu ya kazi iko hatua nne kutoka mlango wa jiko, na kwa muda mrefu niliamini kwamba tatizo langu ni ulafi. Niliapa mara nyingi kutogusa chochote kabla ya chakula cha mchana, na mara nyingi kiapo hicho kilivunjika kabla ya saa 5 asubuhi. Siku hizi nina maoni tofauti. Naona kwamba sisi tunaofanyia kazi nyumbani, jiko likiwa ubavuni, hatudokoi kwa sababu ya njaa wala kwa kukosa msimamo. Tunadokoa kwa sababu siku yetu haina saa za kula. Kazini kwa watu saa hizo hupangwa na wengine: kuna kengele, kuna wenzako wanaoinuka, kuna umbali wa kwenda kutafuta chakula. Nyumbani hakuna hata kimoja kati ya hivyo, na sufuria iko pale pale.

Kilichonibadilisha mawazo ni karatasi. Niliibandika kwenye mlango wa friji kwa siku 5 za kazi, nikaichora safu tatu: saa, nilichokuwa nikifanya kabla ya kuinuka, na nilichokula. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba niandike kabla ya kufungua friji wala si baadaye, kwa maana mtu akishashiba huwa na kumbukumbu ya kujipendelea. Kufikia Jumanne jioni nilikuwa nimekwenda jikoni mara 11 kwa siku hiyo moja. Nilipoisoma safu ya katikati, niliona kwamba safari 8 zilitokea pale kazi moja ilipokwisha na nyingine haijaanza: nimetuma ripoti, nimekata simu, nasubiri faili kubwa lipande mtandaoni. Safari moja ilikuwa ya kiu. Njaa ya kweli ilinipeleka jikoni mara mbili tu, na zote mbili ni kwa sababu chakula cha mchana kilisogezwa hadi saa 8 na nusu.

Nilipima pia nilichokuwa nikikila, kwa sababu kudokoa hujificha vizuri sana. Siku hiyo ya Jumanne nilichota karanga kwa vidole mara kadhaa, jumla kama gramu 30, ambazo peke yake ni karibu kalori 170. Nilikula vipande viwili vya mkate nikiwa nimesimama, kama kalori 160. Vikombe vitatu vya chai yenye vijiko viwili vya sukari kila kimoja vilileta karibu 100, na wali wa jana niliouchota kwa kijiko moja kwa moja kutoka kwenye sufuria ukaongeza kama 60. Hesabu inafika karibu kalori 490, yaani mlo mdogo kamili, na hakuna sahani hata moja iliyochafuka. Jambo baya zaidi ni kwamba mlo huo haukunishibisha. Ulinipunguzia tu hamu ya chakula cha mchana, nikakiacha nusu, kisha usiku nikala kama mtu aliyetoka kulima.

Hapo ndipo nilipoona kwamba dawa si kujizuia, bali kuupa mwili saa unazoweza kuzizoea. Njaa ina mazoea yake. Homoni iitwayo grelini, ambayo hutolewa zaidi na tumbo, huanza kupanda kabla ya saa ambayo mtu amezoea kula, na saa hiyo ikipita bila chakula hushuka tena yenyewe badala ya kuendelea kupanda bila kikomo. Mtu anayekula saa zile zile kila siku hupata njaa yenye ratiba. Mimi niliyekuwa nikila saa 3:10, saa 3:55 na saa 4:40, kwa maoni yangu, nilikuwa nimejizoeza kungoja kitu mdomoni asubuhi nzima, kisha nikawa nalalamika kwamba sishibi.

Wapo wanaotetea kudokoa kwa hoja kwamba kula kidogo kidogo mara nyingi huufanya mwili uunguze chakula kwa kasi zaidi. Hoja hii haisimami. Nishati ambayo mwili hutumia kusaga na kufyonza chakula ni takriban asilimia 10 ya nishati iliyomo katika chakula chenyewe, na hufuata jumla ya ulichokula, si idadi ya mara ulizokula. Meno nayo yana kesi yao. Kila unapokula kitu chenye sukari au wanga, bakteria waliomo kinywani hutengeneza asidi, na mate huhitaji kama nusu saa hadi saa moja kuirudisha hali ya kawaida. Anayekunywa chai ya sukari funda moja kila baada ya dakika 20 hayapi meno yake nafasi hiyo kamwe.

Ratiba yangu ya kwanza ilikuwa hivi: kifungua kinywa saa 1:30 asubuhi, chakula cha mchana saa 7:00, asusa moja saa 10:00 alasiri, na chakula cha usiku saa 1:30. Kwenye karatasi ilipendeza, lakini ilivunjika siku ya tatu. Safari za jikoni zilipungua mchana, kisha zikajazana kati ya saa 5 na saa 6 na nusu, na nilipoitazama karatasi sikuhitaji mtaalamu wa kunieleza. Kifungua kinywa changu kilikuwa chai na kipande kimoja cha mkate, nami nilikuwa nautaka mwili usubiri saa tano na nusu juu ya msingi huo. Nilikosea kwa kupanga saa na kusahau ujazo. Nilipoongeza mayai mawili na tunda asubuhi, na kuvuta chakula cha mchana hadi saa 6:30, safari zile zilikoma ndani ya wiki bila mimi kupambana nazo.

Tangu hapo naisoma karatasi kama fundi anavyosikiliza injini. Safari zikijazana katika saa moja kabla ya mlo, mlo uliotangulia ulikuwa mdogo au pengo ni refu mno. Zikitokea nusu saa baada ya kula, hiyo si njaa. Mara nyingi ni usingizi wa mchana au kazi ninayoikwepa. Zikitawanyika siku nzima bila mpangilio, basi nimerudi kula mbele ya kompyuta, maana chakula kinacholiwa huku macho yako kwenye skrini huwa hakihesabiki kichwani kama chakula.

Asusa sikuifuta. Wanaojikataza kabisa hushinda hadi siku ya kwanza ngumu, halafu hufidia yote kwa mara moja. Yangu ina saa yake, nayo huandaliwa asubuhi wakati nimeshiba, kwa sababu mtu mwenye njaa ni mpimaji mbaya. Huwa ni kitu chenye protini au nyuzinyuzi, kwa mfano tunda pamoja na karanga kiganja kimoja, au yai la kuchemsha, na huwekwa kwenye bakuli dogo lenye mfuniko. Bakuli likiisha, asusa imeisha. Kisha kuna kanuni ambayo kwangu imefanya kazi kuliko zote: chochote kinachoingia mdomoni huliwa juu ya sahani, nikiwa nimeketi, mbali na meza ya kazi. Kanuni hii haikatazi kitu. Inaongeza usumbufu kidogo tu, na safari nyingi zile 8 za Jumanne hazina nguvu ya kuvumilia kutoa sahani, kuketi, na baadaye kuiosha. Chai isiyo na sukari na maji haviingii katika hesabu. Chai yenye sukari inaingia, nami nilinung'unika sana kabla ya kuikubali hiyo.

Ninapokuwa na shaka kama ni njaa au la, najiuliza kama ningekula kiazi kilichochemshwa, kitupu, bila chumvi. Jibu likiwa ndiyo, nina njaa, nami nakula hata kama saa haijafika, kisha naandika. Jibu likiwa kwamba nataka karanga tu, basi ninachohitaji ni kunyanyuka. Ndiyo maana nilihamisha chupa ya maji hadi mezani, nikaondoa kisingizio cha kiu, na kila kazi inapokwisha natoka kupitia mlango wa mbele, nasimama nje dakika tano, narudi. Pumziko ni halali yangu. Kosa lilikuwa kulielekeza jikoni. Meza nayo niliigeuza ili nisiwe nautazama mlango ule, na karanga zikaingia kwenye kopo lisiloonyesha kilichomo, rafu ya juu.

Sipendekezi ratiba hii kwa kila mtu. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi hapaswi kusogeza saa zake za kula bila kuzungumza na daktari wake, na dalili za kutetemeka, jasho na kizunguzungu hazisubiri saa 10 ifike. Wajawazito wenye kichefuchefu mara nyingi huhitaji kula kidogo kidogo, na dawa zinazotakiwa kumezwa pamoja na chakula zina saa zake. Aliyewahi kuugua ugonjwa wa ulaji, ule wa kujinyima au wa kula kupindukia, asianze kubandika karatasi na kuhesabu kalori peke yake, kwa kuwa hesabu hiyo inaweza kumrudisha alikotoka. Hata mimi niliacha kuhesabu baada ya ile Jumanne. Saa na sahani zinatosha.

Bado kuna mahali ninaposhindwa, napo ni wakati wa kupika chakula cha usiku. Kuonja ni lazima, lakini nilikuwa naonja chumvi mara sita katika mchuzi usiobadilika. Sasa naonja mara mbili, kwa kijiko cha chai, chumvi inapoingia na kabla ya kuepua. Siku za mkutano mrefu wa mchana nazo zilikuwa zikinivuruga, hadi nilipoacha kukiahirisha chakula na kuanza kukiwahisha. Ijumaa iliyopita mkutano ulipangwa kuanza saa 6:30 kamili. Nilikula saa 5:45, nikaingia nikiwa nimeshiba, na ulipokwisha saa 8:20 nilipita mbele ya jiko nikielekea nje bila kukumbuka kwamba kopo liko rafuni.