Mtoto anaburuta vibloku tu, lini ataandika koding ya kweli?

"Mwalimu habari, samahani lakini wiki ya sita hii naona mwanangu anaburuta tu vibloku vya rangi na paka anatembea, bando nanunua mimi, lini ataanza koding ya kweli ile ya kuandika?"

Mama ana hoja na sio ndogo. Kenya mwaka 2022 KICD, taasisi yao ya mitaala, walipitisha mtaala wa koding wa kampuni ya Kodris Africa na ule unatumia Python, lugha ya kuandika kabisa, kwahiyo mzazi wa huku akiona wenzake wanaandika halafu wake anaburuta lazima ajiulize. Na kweli Scratch, hiyo programu ya vibloku na paka tunayotumia, haimfundishi mtoto kutumia kibodi, na mtoto mjanja anaweza kuchukua projekti ya mwenzie akabadili picha tu akasema yangu hiyo.

Ila naomba nieleze kilichotokea wiki hiyo ya sita, maana mama aliona paka tu.

Mtoto ana miaka 9, anatengeneza gemu ya kudaka maembe. Embe linashuka, kikapu kinakwenda kushoto na kulia kwa mishale, ukidaka unapata alama 1. Alikua amepanga vibloku hivi kwenye embe:

```
when flag clicked
set [alama] to 0
go to x: 0 y: 180
forever
  change y by -5
  if <touching [Kikapu]?> then
    change [alama] by 1
```

Akabonyeza bendera ya kuanzisha gemu, embe moja likampa alama 14. Akafurahi sana! Mimi nikamwambia ngoja, embe ni moja, hizi 13 zimetoka wapi? Kimya. Nikamwambia badilisha ile -5 uweke -1 halafu kabla hujabonyeza niambie alama zitaongezeka au zitapungua. Akasema zitapungua kwasababu linaenda polepole. Akabonyeza, zikafika karibu 70. Hapo ndo akasogea karibu na skrini akaangalia embe linavyopita kwenye kikapu akaanza kuhesabu kwa sauti, na mwishowe akasema mwenyewe "aaah mwalimu, linahesabiwa kila hatua likiwa bado linagusa kikapu!" Ndo hivyo hasa, forever inarudia kuuliza kama mara 30 kwa sekunde, na kila ikiuliza jibu ni ndio, linaguswa. Dawa yake ni bloku moja chini ya ile ya alama:

```
go to x: (pick random -200 to 200) y: 180
```

Embe likiguswa tu linarudi juu, kugusa kunaisha, alama inabaki 1. Dakika 25 za somo ziliishia hapo na sijutii hata moja.

Sasa fikiria kosa hilohilo kwenye Python na mtoto wa miaka 9 tunaonana kwa Zoom, mtandao unakatakata. Kabla hajafika kwenye swali la embe angeshakwama kwenye nukta mbili aliyoisahau mwisho wa mstari, skrini inamwambia `SyntaxError` kwa kiingereza, na mimi niko mbali siwezi kunyoosha kidole nikamwonyesha, naona herufi zenye ukungu tu. Kwenye Scratch bloku isiyofaa haiingii kwenye nafasi yake, kwahiyo makosa yanayobaki karibu yote ni ya kufikiri, na hayo ndo nataka akutane nayo. Mtoto wa miaka 13 anayetaipu vizuri sibishani, aanze kuandika.

Lawama iliyobaki ni yangu mimi mwalimu. Kila jumamosi nilikua namtumia mama picha ya skrini na maneno "leo tumejifunza marudio", sasa kwa picha ile angeona nini zaidi ya katuni? Siku hizi natuma swali moja la kumuuliza mtoto wakati wa kula, na jibu la kutegemea. Wiki ile nilituma: "Mama, muulize kwanini embe moja lilitoa alama 14, na kwanini lilivyopunguzwa mwendo zikaongezeka. Akisema liliendelea kuhesabiwa muda wote linagusa kikapu, ameelewa. Akisema mwalimu ndo alirekebisha, niambie tutarudia." Akanijibu kwa voisi usiku, mtoto kachukua chungwa na bakuli anamwonyesha baba yake.

Kuhusu lini ataandika, nimemwambia mama hivi: akiweza kunitabiria gemu itafanya nini kabla ya kubonyeza bendera, projekti tatu mfululizo bila kusaidiwa, tunafungua Python na tunaanza na embe hilihili, mstari wa kwanza `alama = 0`.