Neno "kila kitu" lisiingie kwenye mkataba wa mwezi

Swali nililoletewa wiki hii limeniuma. Kijana wa Dar es Salaam anayetengeneza tovuti na matangazo amefanya kazi na kampuni moja ya utalii ya Arusha kwa miaka minne, akilipwa kazi kwa kazi. Sasa mwenye kampuni amemwambia: "Nikupe laki nne kila mwezi, uwe unatufanyia kila kitu." Kijana anauliza kama laki nne inatosha.

Hakuna mtu anayeweza kumjibu. Laki nne kwa saa 8 ni malipo mazuri, na laki nne kwa saa 40 ni umaskini. Kilichokosekana katika ofa hiyo ni kipimo, na mteja wa miaka mingi ndiye ambaye tunaona haya kumtajia kipimo. Tumeshakula naye na tumemzika baba yake, kwa hiyo kuzungumza saa na dakika kunaonekana kama kumtilia shaka. Ninasema kinyume chake: mteja wa siku nyingi ndiye pekee unayeweza kumpimia vizuri, kwa sababu ushahidi wote unao.

Basi kabla ya kujibu, fungua ankara na jumbe za miezi 12 iliyopita. Miezi 12, si sita, kwa sababu biashara ya utalii wa kaskazini ina masika na ina msimu. Kwa kila kazi andika muda uliotumika, ukihesabu pia kupokea maelezo, kusahihisha mara ya pili na kutuma. Tuseme kijana wetu amepata jumla ya saa 168 kwa mwaka, yaani wastani wa saa 14 kwa mwezi. Lakini Aprili, mvua zikiwa zimeshika, alitumia saa 8 tu, na Juni, wageni wanapoanza kumiminika, saa 22. Namba hizo tatu ndizo mazungumzo yenyewe.

Bei ya saa nayo haitoki hewani. Mtu anayejiajiri hawezi kuuza saa zote 160 za mwezi. Kuna kutafuta wateja, kufuatilia madeni, umeme kukatika, kujifunza. Akifanikiwa kuuza saa 90 amefanya vizuri. Kama kipato chake pamoja na gharama za kazi vinahitaji shilingi 3,150,000 kwa mwezi, basi saa moja ni 35,000. Saa 15, yaani ule wastani na moja ya akiba kwa ajili ya vikao na taarifa, ni 525,000. Punguzo? Sipendi, lakini nakubali lina mahali pake: mteja akilipa kabla ya tarehe 5 ya mwezi husika na kujifunga kwa miezi sita, mpe kwa 500,000. Amekupa uhakika, nawe umempa kitu. Na mkubaliane mapema kwamba hiyo ni bei kabla ya kodi ya zuio. Kampuni ikikata ile asilimia 5, mkononi inafika 475,000, na cheti cha makato lazima ukidai.

Mteja akirudi kwenye laki nne, usipunguze bei ya saa. Punguza saa. Maneno yenyewe si magumu: "Mama, kwa laki nne nitakupa saa 11 kila mwezi. Zinatosha kubadilisha bei, kusasisha tovuti na matangazo manne. Picha za msimu tutazihesabu pembeni." Hapo umemheshimu, na uamuzi umebaki kwake. Ukimshushia saa moja mpaka elfu 26 kwa sababu ya mazoea, mwakani hutaweza kuipandisha bila ugomvi.

Kuhusu muda wa kujibu, watu wengi huahidi kitu kimoja wakidhani wameahidi kingine. Kujibu si kumaliza. Kujibu ni kumwambia mteja kwamba umeona, umeelewa tatizo ni nini, na utakuwa umelimaliza lini. Kwa hiyo mkataba uwe na ahadi mbili tofauti. Kwa kazi za kawaida, jibu ndani ya siku moja ya kazi na kazi yenyewe ndani ya siku tatu. Kwa dharura, jibu ndani ya muda wa saa mbili, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Na dharura itajwe kwa jina: tovuti haifunguki, au fomu ya maombi ya safari haileti ujumbe ofisini. Rangi ya bango si dharura hata kama bosi ana haraka nayo.

Hata kwenye dharura usiahidi kwamba tovuti itarudi ndani ya saa fulani. Kama mitambo ya kampuni inayohifadhi tovuti imezima, hakuna unachoweza zaidi ya kuwafuatilia na kumpa mteja taarifa. Ahidi kile kilicho mikononi mwako: kuanza kushughulika, na kutoa taarifa kila baada ya saa mbili mpaka iishe. Saa moja ya dharura nje ya muda wa kazi ihesabiwe kama saa moja na nusu katika zile 15. Utayari wa kuacha chakula mezani Jumapili ni bidhaa, nao ndio tunaogawa bure zaidi ya kitu chochote.

Andika pia ujumbe unapokelewa wapi na kutoka kwa nani. Barua pepe moja au kundi moja la WhatsApp, na mtu mmoja upande wa mteja mwenye mamlaka ya kuagiza. Dereva, mhasibu na binti wa bosi wote wakiagiza, saa 15 zinaisha tarehe 9. Ujumbe wa sauti wa dakika nne nao usihesabike kuwa umepokelewa mpaka mambo yake yaandikwe, kwa sababu ndani yake huwa mna maagizo matano na mawili husahaulika.

Sasa nije kwenye linalovunja mikataba hii, yaani kazi kukua. Kazi haikui kwa mteja kukaa kitako na kusema "nataka kuongeza kazi". Inakua kwa neno "tu". Jumamosi jioni unaingia ujumbe: "Naomba ubadilishe tu bei ya Ngorongoro." Itazame kazi hiyo kwa karibu. Bei ipo kwenye ukurasa wa Kiingereza na wa Kijerumani, ipo kwenye fomu ya maombi, ipo kwenye kijitabu cha PDF ambacho mawakala hutumiwa, na ipo kwenye bango la Instagram lililobandikwa juu kabisa. Ukibadilisha sehemu moja, mgeni atakuja na bei mbili na kudai iliyo ndogo. Kuifanya vizuri kunachukua dakika 40. Mteja hadanganyi anaposema "tu". Yeye anaona namba moja, wewe unaona sehemu tano. Jumbe nane za namna hiyo kwa mwezi ni saa tano na zaidi, theluthi ya mkataba, na hakuna hata mmoja kati yenu aliyeuona ukuaji huo.

Dawa yake ni daftari, au jedwali la kawaida la kompyuta: tarehe, kazi, dakika. Kipimo kidogo kabisa kiwe robo saa, kwa sababu kufungua, kubadilisha na kuhakiki hakupungui hapo. Jedwali limfikie mteja kila Ijumaa hata kama hajauliza. Akiliona mwisho wa mwezi tu, pamoja na ankara, litasomeka kama kesi iliyoandaliwa dhidi yake. Akiliona kila wiki anaanza mwenyewe kukusanya maombi: badala ya jumbe nane, orodha moja Jumatatu.

Zikifika saa 12 kati ya 15, simamisha kidogo na umwandikie: zimebaki tatu, na kazi ulizoomba ni za saa 10. Mpe njia tatu achague. Nyingine zisogezwe mwezi ujao, au moja ibadilishwe na nyingine, au saa za ziada zilipwe kwa 35,000 kamili, bila punguzo. Katika Juni ya saa 22, kama amechagua kulipa, ziada ni saa 7, sawa na 245,000, na ankara ya mwezi inakuwa 745,000. Kiasi hicho hakimshtui mtu aliyeulizwa tarehe 18. Kinamshtua aliyekikuta tarehe 30, na ana haki ya kushtuka. Kama hukuuliza kabla ya kuvuka, usidai ziada hiyo. Ni gharama ya uzembe wako wa kutotoa taarifa.

Saa zisizotumika zina mpaka pia. Aprili ikitumia 8, zimebaki 7. Zote zikiruhusiwa kulimbikizwa, Juni utadaiwa saa za miezi mitatu kwa wiki moja, wakati una wateja wengine. Ruhusu saa 4 zihamie mwezi unaofuata tu, kisha zife. Mteja akilalamika, mweleze kwamba wiki zile za Aprili ulimtengea nafasi na hukuiuza kwa mwingine.

Kitu kipya kabisa, kwa mfano tawi la Zanzibar linalotaka tovuti yake, kisiingie kwenye saa za mwezi hata kama zipo. Kitolewe profoma yake, na malipo ya awali yake.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kupandisha mkataba kwa kutazama Juni na Julai. Fundi anaona miezi miwili mfululizo imevuka, anakimbilia kudai mkataba mkubwa, mteja anakubali kwa shingo upande, na Novemba anaanza kuona analipia hewa. Ule haukuwa ukuaji, ulikuwa msimu. Linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliopita, na mwezi unaosema kweli ni Aprili. Aprili hakuna presha ya wageni, kwa hiyo kilichobaki ni kazi ya msingi ya kampuni. Kama Aprili ya mwaka jana ilikuwa saa 8 na ya mwaka huu ni 14, kampuni imekua kweli: kurasa zimeongezeka, wafanyakazi wanaoagiza wameongezeka, na saa 15 hazitatosha mwaka mzima. Hapo ndipo pa kuomba saa 20 kwa 700,000, ukiwa na jedwali la Aprili mbili mkononi.

Kwa hiyo kifungu cha mapitio kiandikwe kwa tarehe: wiki ya kwanza ya Mei, kikao cha nusu saa, kabla msimu haujaanza na mteja bado ana muda wa kukusikiliza. Nusu saa hiyo usiihesabu katika zile 15.