Barua ya wakili ikikufikia, ipeleke bima bila kukiri wala kukana

Mwezi uliopita shemeji yangu alipokea barua ya wakili wa dereva waliyegongana naye Sinza, kwenye barabara ya Shekilango. Wakili alidai shilingi 6,800,000 zilipwe ndani ya siku 14: shilingi 4,300,000 za matengenezo ya gari, na zilizobaki ni fidia ya siku ambazo mteja wake alikosa gari la kufanyia kazi. Shemeji ana bima kubwa. Usiku uleule aliandika barua ya kurasa mbili kwa kampuni yake, na kwa bahati njema alinionyesha kabla hajaituma.

Sentensi ya tatu ilisomeka hivi: “Nilimgonga kwa sababu sikumwona, na deni lake ni kubwa mno kwangu.” Alikuwa ameandika kwa moyo mweupe, lakini sentensi hiyo moja ilibeba mambo mawili ambayo hakuwa na mamlaka ya kuyasema. Mikataba mingi ya bima ya magari ina sharti kwamba mwenye bima asikiri kosa, asiahidi malipo wala asipatane na mdai bila idhini ya maandishi ya kampuni, kwa kuwa kampuni ndiyo yenye haki ya kujibu na kutetea madai hayo kwa jina la mwenye bima. Anayelivunja sharti hilo huipa kampuni hoja ya kukataa kumlipia.

Tulianza na kitenzi. “Nilimgonga” kinamtaja mtenda na mtendwa, ilhali “magari yetu yaligongana” kinaeleza jambo lilelile ambalo hakuna anayebisha, bila kumtwisha yeyote lawama. Kisha tukaliondoa neno “deni”, kwa sababu deni ni kitu kilichokwisha kukubaliwa. Kinachodaiwa na wakili ni madai tu mpaka yathibitishwe, kwa hiyo tukaandika “kiasi kinachodaiwa”. Neno “pole” halina ubaya, kwani sisi humpa pole hata aliyefiwa na mtu tusiyemjua, lakini “samahani” katika barua ya namna hii husomwa kama kukiri.

Wapo wanaoshauri kwamba salama ni kukana kila kitu na kumrushia lawama dereva wa pili. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kukana nako ni msimamo, na mchoro wa tukio uliochorwa na askari wa usalama barabarani ukija kuonyesha vingine, mwenye bima ataonekana mwongo mbele ya kampuni inayotakiwa kumtetea. Wala kutokiri si kuficha. Kwamba shemeji alikuwa akitokea barabara ndogo kuingia kubwa ni tukio, na lazima alieleze kikamilifu kwenye fomu ya madai ya kampuni. Kwamba aliingia kwa uzembe ni hukumu, na hiyo si yake kuitoa.

Barua iliyotoka ilikuwa fupi. Juu iliwekwa namba ya hati ya bima, namba ya usajili wa gari, tarehe ya ajali na namba ya taarifa ya polisi, kisha ikaendelea:

“Ninawasilisha kwenu barua ya madai niliyoipokea kwa mkono siku ya Jumanne kutoka kwa wakili wa dereva wa gari la pili, inayohusu tukio ambalo magari yetu yaligongana. Kiasi kinachodaiwa na muda uliotolewa vimo ndani yake. Sijamjibu wakili huyo, sijakiri wajibu wowote na sijaahidi malipo yoyote. Kuwasilisha barua hii kusichukuliwe kuwa ninakubali yaliyomo. Ninaomba mnithibitishie kwa maandishi, kabla muda huo haujaisha, kwamba mmeyapokea madai haya na kwamba mtayajibu ninyi.”

Siku ya kupokea ni muhimu kutajwa, kwa sababu zile siku 14 zilihesabiwa kuanzia hapo, na kampuni inayoletewa barua siku ya 13 ina haki ya kulalamika kwamba imenyimwa nafasi ya kuchunguza. Shemeji aliipeleka mwenyewe kesho yake asubuhi pamoja na nakala ya barua ya wakili na bahasha yake, akabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa “imepokelewa” wenye tarehe. Wakili alipompigia simu siku mbili baadaye, alimjibu kwa adabu kwamba madai yake yako kwa kampuni ya bima na kwamba mawasiliano yaelekezwe huko, akaishia hapo.

Kampuni imeshamthibitishia kwa maandishi kwamba itajibu. Tumekubaliana jambo moja zaidi: wakili akifungua kesi na hati ya wito ikaletwa nyumbani, itapelekwa bima siku hiyohiyo, kwa maana utetezi wa maandishi hutakiwa mahakamani ndani ya siku 21 tangu mtu apokee wito, na kuipeleka barua ya kwanza hakuondoi wajibu wa kupeleka na hati zinazofuata.