Elimu bila malipo inapofika mezani kwa mwalimu mkuu

Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima katika shule za umma Tanzania, kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na utekelezaji ulianza Januari 2016. Kidato cha tano na cha sita viliongezwa mwaka 2022. Hata hivyo, ukimuuliza mzazi mwenye mtoto darasa la saba ametoa nini mwaka huu, atakutajia hela ya mtihani wa Jumamosi, hela ya mlinzi, mahindi na maharage ya chakula cha mchana, pengine na rimu ya karatasi.

Maelezo ya haraka huwa mawili. Wapo wanaosema walimu wakuu wanakaidi agizo na kula fedha za wazazi. Wengine wanasema serikali ilitangaza jambo isiloweza kuligharamia. Kila upande una ukweli wake, lakini hakuna unaoeleza kwa nini pengo linajitokeza kwa sura ileile kwa walimu waaminifu na wasio waaminifu. Ili kuliona hilo inabidi tukae upande wa pili wa meza ya mwalimu mkuu, kwa sababu yeye ndiye mtumishi wa mwisho kabla sera haijamfikia mwananchi.

Tuanze na fedha. Ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shilingi 4,000 kati ya hizo hubaki ngazi ya taifa kwa ajili ya vitabu, na shilingi 6,000 ndizo zinazokwenda kwenye akaunti ya shule, yaani shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Kiwango hicho cha 10,000 kina asili yake katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, ada ya shule za msingi ilipokuwa imefutwa. Wakati ule kilikuwa sawa na takribani dola 10 za Kimarekani. Sera ya 2015 ilikirithi kama kilivyo, wakati shilingi ilikuwa imeshuka thamani zaidi ya mara mbili.

Sasa chukua shule ya mjini yenye wanafunzi 800. Inapata shilingi 400,000 kwa mwezi. Tuseme mlinzi analipwa 150,000, na maji pamoja na umeme ni 70,000. Darasa la nne na la saba, ambao wana mitihani ya taifa, wapo 200 kwa jumla. Ukiwapa jaribio moja kwa mwezi katika masomo 6, kila somo karatasi mbili, unahitaji karatasi 2,400, karibu rimu 5. Weka wino na kudurufu, tuseme 120,000. Chaki, madaftari ya mahudhurio, maandalio ya walimu na nauli ya kwenda halmashauri ni 40,000. Zimebaki 20,000 za kukarabati madawati, vyoo na vitasa vya shule nzima. Hapo hatujagusa michezo.

Kuna kikwazo kingine ambacho mzazi haoni. Ruzuku haitumiki kama mwalimu mkuu apendavyo. Hugawanywa kwa mafungu ya asilimia: ukarabati, mitihani, uendeshaji wa ofisi na mengineyo, na mkaguzi huangalia kama kila fungu limeheshimiwa. Mlinzi hana fungu lake. Mwalimu anayefuata mwongozo kikamilifu anabaki na shule isiyolindwa usiku, na vikiibwa vishikwambi au mabati, anayeandika maelezo ni yeye.

Hesabu ni mbaya zaidi kwa shule ndogo ya kijijini. Wanafunzi 180 wanaipatia shilingi 90,000 kwa mwezi, lakini mlinzi wake halindi kwa robo ya bei. Ruzuku inayohesabiwa kwa vichwa peke yake inazibeba shule kubwa na kuziacha ndogo, ingawa gharama za lazima za kuendesha shule hazipungui kwa kiwango hichohicho. Kwa maoni yangu hii ndiyo kasoro kubwa kuliko zote katika mpango huu, na ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote.

Pamoja na hesabu hiyo, mwalimu mkuu anabanwa na maagizo yanayogongana. Waraka unamkataza kuchangisha. Waraka Na. 3 wa 2016, uliofafanua ule wa kwanza, unamwachia mzazi sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mtoto, kwa hiyo “bila malipo” haikuwahi kumaanisha kwamba mzazi hatoi chochote. Afisa Elimu Kata naye anataka ufaulu wa darasa la saba upande, na kwa miaka mingi matokeo yalitangazwa kwa kupanga shule kwa nafasi. Ufaulu unataka mitihani ya mazoezi, mazoezi yanataka karatasi, na mtoto mwenye njaa saa nane mchana hasomi. Tangu 2016 mwalimu mkuu wa shule ya msingi amewekewa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Ni haki yake, maana kazi ni kubwa, lakini ina maana kwamba kuvuliwa ukuu ni hasara inayopimika kila mwisho wa mwezi. Akivunja agizo la kutochangisha anaweza kuvuliwa, na shule ikishika mkia wilayani anaweza kuvuliwa vilevile.

Kwa kubanwa hivyo, hufanya kile ambacho watumishi wa namna yake hufanya kila mahali: anatafuta njia ya kutii maandishi na wakati huohuo kuendesha kazi. Njia yenyewe inajulikana. Kwanza huitwa mkutano wa wazazi, ambao kwa kawaida huhudhuriwa na wachache. Hoja ya mlinzi au mitihani haitolewi na mwalimu, hutolewa na mjumbe wa kamati ya shule. Wanapitisha, tuseme, shilingi 1,000 kwa mwezi. Muhtasari unaandikwa: “wazazi wameridhia kwa hiari yao.” Waliohudhuria wanasaini, na muhtasari unapita serikali ya kijiji au mtaa. Anayekusanya ni mzazi aliyeteuliwa, ili fedha isionekane mikononi mwa mwalimu. Kufikia hapo sheria haijavunjwa. Inavunjika wiki ya tatu, orodha ya wasiotoa inaposomwa paredi na watoto kurudishwa nyumbani “kuwakumbusha wazazi.” Hiari ya mkutanoni imegeuka deni, na mdaiwa ni mtoto.

Wanaotetea udhibiti mkali wana hoja nzito hapa. Mwalimu anayeamua nani arudishwe na nani aachwe ana mamlaka ambayo hakuna aliyempa. Mtoto wa mwenye duka husamehewa kwa kuwa baba yake ataleta baadaye. Mtoto wa mama anayeuza mchicha, ambaye ana ndugu zake watatu shuleni hapohapo, anakosa masomo siku nne. Sera iliyokusudiwa kumwondolea maskini mzigo inamwangukia yeye kwanza. Zaidi ya hapo, mchango usio na stakabadhi ni mlango wa wizi. Kwa msingi huo Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni Januari 2018, na kuelekeza kwamba anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri badala ya mwalimu.

Lakini marufuku nayo ilipita mikononi mwa watumishi walewale. Mwalimu aliyeogopa aliona salama zaidi kusimamisha kila kitu, pamoja na chakula ambacho waraka wenyewe ulikuwa umemwachia mzazi. Kumwambia mzazi asafiri hadi makao makuu ya halmashauri kupeleka shilingi 1,000 au debe la mahindi ni sawa na kumwambia asilete. Wazazi wengi nao walikwishaelewa tangu 2016 kwamba serikali inalipa yote, na walioendelea kutoa walichoka kuwabeba wasiotoa. Mwalimu mtiifu akabaki na sufuria tupu. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba dawa ni kumwondolea mwalimu mkuu uamuzi wote. Bila uamuzi wake, shule nyingi zisingemeza wimbi la 2016, mwaka ambao uandikishaji wa darasa la kwanza ulipanda ghafla kuliko mwaka uliotangulia. Mikondo ya asubuhi na mchana, na madarasa chini ya mwembe, yalipangwa na walimu wakuu kwa siku chache, kabla maelekezo hayajafika.

Suala ni uamuzi upi aachiwe na upi aondolewe. Kuamua kama shule inahitaji mlinzi au fundi wa vyoo ni kazi yake, kwa kuwa anaiona shule kila siku. Kuamua mtoto yupi akae darasani si kazi yake hata kidogo, na hapo sheria isilegezwe: deni la mchango liwe kati ya kamati na mzazi, jina la mtoto lisiingie kwenye orodha yoyote. Kwa upande wa fedha, kila shule ingepewa kwanza kiasi kisichobadilika cha gharama za lazima, kisha juu yake ndipo ihesabiwe ruzuku ya vichwa. Pingamizi la hazina ni halali, kwani kiasi hicho kikizidishwa kwa maelfu ya shule ni fedha nyingi za mwaka hadi mwaka. Gharama hiyo inalipwa hata leo, ila anayeilipa ni mzazi, bila kumbukumbu za kitaifa na bila msamaha kwa asiyenacho.

Mzazi anayetaka kujua kama shule yake imebanwa kweli au inamchezea anaweza kuanza na mambo matatu. Aangalie kama kiasi cha ruzuku kilichopokelewa na matumizi yake vimebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Shule iliyobanwa kwa kawaida haifichi, kwa sababu tarakimu zenyewe zinaitetea. Agawanye kiasi hicho kwa idadi ya wanafunzi waliopo sasa: ikitoka chini ya 500 kwa mwezi, huenda fedha zimechelewa, au zimetumwa kwa idadi ya zamani ambayo haijarekebishwa baada ya uandikishaji wa Januari. Kisha aombe kuona muhtasari wa mkutano uliopitisha mchango na ahesabu saini. Saini 30 katika shule ya watoto 800 haziwezi kuitwa ridhaa ya wazazi, na kamati inapaswa kuitisha mkutano mwingine kabla ya kukusanya hata shilingi moja.