Kima Aliyejibu Kabla ya Kuulizwa

Hadithi ya Kima na Papa naijua tangu utotoni. Kima anakaa juu ya mkuyu ufukweni, anamtupia Papa matunda. Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na wakifika kilindini anamfungukia: sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwamba, masikini, moyo ameuacha mtini. Papa anageuza, Kima anarukia tawi, na huko chini Papa anabaki kuita mpaka sauti inamkauka.

Kwa hiyo rafiki yangu mchora vibonzo aliponiambia, "Dada, niandikie muswada, mimi nichore," nikaona hii kazi ni kumsukuma mlevi. Tulipanga kurasa 8, yaani karatasi mbili zilizokunjwa katikati na kupigwa pini. Nikaandika usiku mmoja. Kila ukurasa na namba yake, kila kisanduku na namba yake, mwanzo nikauanza hivi:

UKURASA WA 1
Kisanduku cha 1
Maelezo: Asubuhi. Kima amekaa tawini anakula tunda. Tafadhali usimnenepeshe.
Maelezo: Hapo zamani za kale.
Kiputo: Paukwa!
Kiputo: Pakawa!

Baada ya wiki mbili akaniletea kurasa zote, zimekwisha kupakwa wino. Nikafungua ya kwanza. Juu kabisa, ndani ya kisanduku kizuri cha msimulizi, kwa mwandiko wa kupendeza, palisomeka: "Asubuhi. Kima amekaa tawini anakula tunda. Tafadhali usimnenepeshe." Chini yake Kima, mwembamba kama ufito, anasema "Paukwa!" Na kwenye mchanga, kaa mmoja amenyanyua gando, anamjibu "Pakawa!"

"Huyu kaa katoka wapi?" nikamuuliza.

"Dada, uliandika kiputo bila mwenyewe. Maneno hayawezi kuning'inia hewani, kiputo kina mkia na mkia lazima umguse mtu. Nikatafuta wa kumpa."

"Na hili la kunenepa?"

"Umeandika maelezo mara mbili. Nikayaandika yote mawili."

Alikuwa na haki. Neno moja nilikuwa nimelituma kazi mbili: maelezo ya kumwambia mchoraji achore nini, na maelezo ambayo msomaji atayasoma. Mimi niliyeandika nilijua lipi ni lipi. Yeye angejuaje?

Ukurasa wa 2 ulinishinda kucheka. Niliandika: "Kima anashuka mtini, anaruka mgongoni mwa Papa, wanaondoka." Kwa mdomo sentensi hiyo haina kosa. Yeye alijitahidi, akachora kima mmoja anateremka, wa pili yuko hewani, wa tatu tayari amepanda papa na anapunga mkono. Ukitazama unadhani ukoo mzima umealikwa. Kisanduku kinashika nukta moja ya wakati, kama mtu aliyeambiwa "simama hapo hapo!" Siku hizi nikimaliza kisanduku nahesabu vitenzi. Kima anaweza kukaa huku anatafuna, hivyo viwili vinaelewana. Lakini hawezi kushuka huku ameshapanda. Kitenzi cha aina hiyo kinadai kisanduku chake.

Msiba wenyewe ulikuwa kilindini, tena pale mchoraji hakukosea hata kidogo. Alichora nilichoandika: Papa majini, Kima mgongoni, Papa anasema, "Sultani wetu anataka moyo wako," Kima anajibu, "Ungeniambia mapema, nimeuacha mtini." Nikampa mpwa wangu asome kwa sauti. Akasoma bila kusita: "Ungeniambia mapema, nimeuacha mtini. Sultani wetu anataka moyo wako." Akanyanyua macho.

"Shangazi, huyu kima kwa nini anamwambia papa habari za moyo wake kabla hajaulizwa?"

Nikamwonyesha kwa kidole: anza na hiki. Akanijibu kwamba hicho kiko chini.

Na kweli kilikuwa chini. Macho ya msomaji wa maandishi yetu huanzia juu kushoto, yakashuka kuelekea chini kulia, na kiputo kilicho juu ndicho kinachosomwa kwanza. Sasa fikiria: Kima amempanda Papa. Atakuwa juu kila wakati! Safari nzima, kila Papa alipotaka kuanza mazungumzo, Kima alikuwa ameshamjibu. Akili yote ya hadithi iko kwenye ule mpangilio wa swali na jibu, nami nilikuwa nimeupindua. Kima wangu hakuwa mjanja. Alikuwa mropokaji.

Tukakaa na penseli. Wazo la kwanza lilikuwa kukipandisha kiputo cha Papa hadi juu kushoto na kukishusha cha Kima upande wa kulia. Mikia ya viputo ikapishana kama kamba za mbuzi wawili. Nikaandika pembeni "mkia uelekee Papa," naye kwa unyenyekevu akaugeuza mkia wa Kima.

Dawa ikapatikana kwa kuyatenganisha maneno. Papa apewe kisanduku chake, kichwa tu, kimechomoza majini. Kima apewe chake. Na katikati yao kiwepo kimoja cha kimya, uso wa Kima pekee, maana huyu kiumbe ameambiwa atapasuliwa kifua na lazima tumwone akiwaza. Kwa mdomo bibi yangu hapo alikuwa ananyamaza, anatutazama mmoja mmoja. Kwenye karatasi kimya hicho kinataka nafasi yake na namba yake.

Likabaki la ukurasa. Kitabu kikifunguliwa, kurasa za 2 na 3 zinaonekana kwa pamoja. Siri yangu ilikuwa ukurasa wa 3, kwa hiyo mpwa wangu aliiona akiwa bado anasoma wa 2. Tukaisogeza hadi kisanduku cha kwanza cha ukurasa wa 4, ili mtu alazimike kufunua karatasi kwanza. Mwisho wa ukurasa wa 3 Papa anasimama tu na kusema, "Rafiki yangu, kuna neno sijakwambia." Kuongeza ukurasa mmoja tusingeweza, kwa kuwa karatasi ikikunjwa inatoa kurasa nne nne, kwa hiyo nikabana mwisho: Papa aliyekuwa akiita mtini kwa visanduku sita sasa anaita kwa viwili.

Muswada mpya ukatoka safi. Kilichochorwa kinaitwa PICHA, kinachosemwa na msimulizi kinaitwa SIMULIZI, na maneno ya kiputo yana jina la msemaji mbele yake:

UKURASA WA 4
Kisanduku cha 1
PICHA: Kichwa cha Papa kimechomoza majini. Kima haonekani.
PAPA: Sultani wetu ni mgonjwa. Dawa yake ni moyo wako.
Kisanduku cha 2
PICHA: Uso wa Kima, karibu. Hakuna maneno.
Kisanduku cha 3
PICHA: Kima anatabasamu.
KIMA: Ungeniambia mapema! Nimeuacha mtini.

Mpwa akasoma, akafunua, akaguna "he!" pale pale nilipotaka. Akauliza swali moja tu: kaa yuko wapi? Nilikuwa nimemfuta. Akasusa. Ikabidi nimrudishe kaa kwenye kisanduku cha mwisho, chini ya mkuyu, anamtazama tu Papa anavyoita. Nikaandika kwa uangalifu wote, nikiwa mtu niliyekwisha kufundwa:

PICHA: Papa anaita. Kaa yuko mchangani.
KAA: (hana la kusema)

Ukurasa wa 8 ukarudi jana. Kaa amechorwa vizuri sana, magando amekunja kifuani. Juu yake kuna kiputo, na ndani ya kiputo, pamoja na mabano yake: "(hana la kusema)".