Jina limebadilika kwenye sahihi ya imeili, ila linki bado inampigia hodi mtu wa zamani

Ofisi nyingi za huku Mtwara, hasa za mawakala wa forodha na za wanaoshughulika na korosho, zina mabishano ambayo hayaishi: ile sahihi ya chini ya imeili, yani jina, cheo, simu na anwani, iandikwe na kila mtu mwenyewe au ofisi iifunge moja ifanane kwa wote? Mi naona pande zote mbili zinabishania kinachoonekana kwa macho, wakati kinachosumbua hasa kipo chini ya maandishi.

Tuchukue mfano, na majina nimeyabuni. Ofisini kuna Bi. Somoe Bakari, afisa nyaraka. Kaolewa, kaamua atumie jina la mume, sasa ni Somoe Mchopa. Fundi wa kompyuta kambadilishia anwani, ile ya zamani ikabaki kama jina la pili la boksi lilelile (Google wakibadilisha anwani ya mtumiaji wa ofisi huwa wanaiacha ya zamani ikiendelea kupokea), kwa hiyo hakuna barua inayopotea. Somoe akaingia kwenye sahihi yake, akaweka kishale cha kuandikia katikati ya anwani, akafuta "bakari" akaandika "mchopa". Kwa macho kila kitu kimekaa sawa. Sasa tazama kilichobaki ndani:

```
<a href="mailto:somoe.bakari@mfano.co.tz">somoe.mchopa@mfano.co.tz</a>
```

Maandishi ni mapya, linki ni ya zamani. Gmail au Outlook haijakosea hapo, ndo zilivyo, ukihariri maneno yaliyo juu ya linki unabadilisha maneno tu, mahali linki inapoelekea hakuguswi mpaka uihariri linki yenyewe. Kwa Somoe hakuna madhara maana anwani zote mbili zinaingia kwake. Madhara yanaanza akija kijana mpya pale dawatini, tumwite Hashimu, akaambiwa "chukua ya dada Somoe uweke jina lako". Akakopi, akapesti, akabadilisha jina, cheo, namba na maandishi ya anwani. Linki ikabaki ya Somoe.

Ikifika Oktoba mnada wa korosho umechangamka, mnunuzi wa India au Vietnam anasubiri nyaraka za mzigo, anabofya anwani ya Hashimu pale chini, anaandika kwamba cheti fulani kina kosa kirekebishwe kabla meli haijaondoka. Barua inatua kwa Somoe, na Somoe yuko likizo ya uzazi, siku 84 kisheria. Hapa kuna kitu watu hawakifikirii: kama boksi la Somoe lingekuwa limefutwa, barua ingerudi na mnunuzi angejua kuna shida, angepiga simu. Kwa kuwa liko hai linapokea kimyakimya tu, mnunuzi anajua ametuma, Hashimu anajua hajatumiwa, na kila mmoja anamwona mwenzie mzembe.

Wapo watakaosema, na wana hoja, kwamba nakuza mambo. Mtu akibonyeza Reply imeili inarudi kwa aliyetuma, haiendi kwenye linki ya sahihi, kwa hiyo mazungumzo ya kawaida hayaguswi kabisa. Kweli. Hata mi nakubali kwamba barua nyingi zitapita salama miezi na miezi, na ndo maana kosa lenyewe halionekani mapema. Ila kazi za bandarini imeili haikai kwa watu wawili, inasukumwa kwa mtu wa meli, mtu wa benki, mtu wa ghala, na yule wa tatu anayepokea kilichosukumwa hana cha kubonyeza Reply kikamfikie Hashimu, akibonyeza inarudi kwa aliyemsukumia, kwa hiyo anashuka chini kwenye sahihi anabofya hapo au anaihifadhi anwani kwenye simu yake, na ikishahifadhiwa vibaya itatumika vibaya mwaka mzima.

Sasa wale wa "ofisi ifunge". Hoja yao ni nzuri: weka templeti moja kwenye seva, jina na cheo vitoke kwenye orodha ya wafanyakazi, mtu asiguse kitu. Kwa ofisi zinazotumia Exchange ya Microsoft inafanyika kwa maandishi kama haya:

```
%%DisplayName%%
%%Title%%, %%Department%%
Simu: %%MobileNumber%%
```

Ukibadilisha jina la Somoe kwenye orodha, barua zake zote zinazofuata zinatoka na jina jipya, na hakuna kupesti tena. Hilo linatibu tatizo la Hashimu moja kwa moja na sina ubishi nalo. Ubishi wangu ni kwamba templeti ni safi sawa na orodha iliyo nyuma yake tu. Ofisi ngapi zinakumbuka kujaza cheo cha kijana wa mkataba wa miezi mitatu? Cheo kikiwa tupu seva haijui kwamba mkato nao ulipaswa kuondoka, inatoa ", Idara ya Nyaraka", mstari unaanza na mkato. Namba isipojazwa inabaki "Simu:" na hakuna kitu mbele yake. Na mwenye barua haoni, maana hiyo sahihi inabandikwa barua ikishaondoka kwake, anaonekana nayo kwa wateja wiki nzima yeye hana habari. Halafu inakwenda kukaa chini kabisa, chini ya mazungumzo yote yaliyotangulia, haikai chini ya jibu lako, kwa hiyo mkiandikiana mara sita zinajipanga sahihi huko mwisho kama mabango ya uchaguzi ukutani.

Kwenye alama za uandishi ndo naona tunagombana bure kuliko kote. Kama ofisi inaandika "Bi." na nukta au "Bi" bila nukta, chagueni moja muendelee na kazi, hakuna mteja aliyewahi kukosa mzigo kwa nukta ya cheo. CPA(T) ni tofauti kidogo, ile T na mabano yake ni sehemu ya sifa yenyewe, mtu akipesti ikageuka "CPA, T" inakuwa kitu kingine, hiyo irekebishwe. Lakini alama zinazokaa kwenye namba na anwani hazina mjadala, kwa sababu hizo zinakopiwa na kupigwa.

Mfano ule mtindo wetu wa kwenye mabango, "0700 000 111/222", sisi tunaelewa kwamba namba ya pili inaishia 222. Mtu wa Vietnam hajui, anaona ni tawi la ndani ya ofisi au anaruka tu. Na "+255 (0) 700 000 111", ile sifuri kwenye mabano imewekwa kwa nia njema, ila mtu akiikopi nzima na kuipiga kutoka nje anapiga +255 halafu sifuri, na haiunganishi. Ukiweka +255 sifuri inaondoka, zinabaki tarakimu tisa, basi. Ya mezani hivohivo, 023 inakuwa +255 23. Ukipesti kutoka watsapu angalia nyota, maana jina lililokolezwa kule likikopiwa kwenye simu huwa linakuja na nyota zake pande mbili, *Hashimu*, na nimeziona kwenye barua za watu wazima kabisa.

Kuna upande mwingine wa jina ambao wapenda usawa hawaupendi. Wanataka siku Somoe akibadilisha jina kila kitu kigeuke siku hiyohiyo, kifanane. Kwa mteja wa mbali hiyo inatisha. Jana alikuwa anaongea na Somoe Bakari, leo anaandikiwa na Somoe Mchopa kutoka anwani ambayo hajawahi kuiona, na kama wiki hiyohiyo kuna mambo ya malipo, mtu mwenye akili anasimamisha malipo, maana matapeli wa ankara za benki wanaingia kwa mtindo huohuo. Kwa hiyo mi naunga mkono kitu kinachoonekana hakijakaa sawa: aandike "Somoe Mchopa (zamani Somoe Bakari)" msimu mmoja mzima, na namba ya simu asiibadilishe kipindi hicho hata kama kapewa mpya, ili mteja abaki na kitu kimoja anachokijua cha kumhakikishia. Na kama hati za mzigo bado zina jina la zamani, sahihi ikiwa na majina yote mawili mtu wa benki hana haja ya kuuliza.

Kingine kinachosahaulika ni kwamba sahihi sio sehemu pekee jina linapokaa. Kwenye Gmail jina linalotokea juu ya barua liko kwenye "Send mail as", huko mbali na sahihi, na apu ya simu ina sahihi yake peke yake. Ndo unakuta barua juu imeandikwa Bakari chini Mchopa, na ikitumwa kwa simu inarudi Bakari tena. Outlook ya zamani ya kwenye laptopu inaweka kila sahihi kwa mafaili matatu, .htm, .rtf na .txt, ukihariri ndani ya Outlook yenyewe yanaandikwa upya yote, lakini fundi akienda kwenye foda akarekebisha la .htm peke yake, siku ukituma barua ya maandishi matupu linatoka lile la .txt na jina la kale.

Kujua kama umepona haichukui muda. Jitumie barua, moja kutoka kwenye kompyuta na moja kutoka kwenye simu, fungua kwa kompyuta, peleka kishale juu ya anwani bila kubofya, pembeni chini ya kivinjari inatokea linki halisi. Kama huamini bonyeza "Show original" utafute neno mailto, japo barua nyingine zinakuwa zimefungwa kwa namna ambayo hutaona neno lolote la maana humo, hapo rudi kwenye kishale. Alafu mpe mwenzio aipige ile namba kama ilivyoandikwa, asiipige kwa jina ulilohifadhiwa kwake.

Kwa ofisi ya watu wanne watano, hizi nyingi za huku kwetu, kufunga kwenye seva mi naona ni gharama ya kutibu ugonjwa ambao dawa yake ni maandishi matupu. Pesti kwa Ctrl+Shift+V, muundo na linki vinabaki huko vilikotoka, acha anwani ikae bila linki kabisa, programu ya anayesoma mara nyingi itaitambua yenyewe na itatengeneza linki kutokana na kilichoandikwa. Utapoteza nembo na rangi, na bosi anaweza asipende. Ofisi yenye watu arobaini na zamu na mikataba ya muda hiyo ifunge, ila ifunge anwani na namba za ofisi, jina na cheo mwenyewe avisome kwanza kabla havijaanza kutoka. Zile sahihi zilizokwisha kwenda kwenye barua za zamani hazirekebishiki kwa njia yoyote, kwa hiyo boksi la Bakari liachwe wazi, na mtu awe analifungua hata Somoe akiwa likizo.