Juni au Desemba? Mwaka wa fedha wa duka la pembejeo Nakuru

"Nimesajili kampuni ya agroveti hapa Nakuru Februari. Rafiki ananiambia nifunge mwaka Juni, stoo ikiwa tupu. Mhasibu anasema Desemba. Nimsikilize nani?"

Rafiki yako ana hoja. Ukifunga tarehe 30 Juni, mvua ndefu zimepita, mbolea ya kupandia na ya kukuzia imeshauzwa, na kuhesabu magunia yaliyobaki ni kazi ya asubuhi moja. Desemba utahesabu bidhaa nyingi zaidi huku nusu ya vijana wako wako safarini kwenda ushago.

Lakini kodi haingoji stoo. Kampuni hulipa kodi ya mwaka unaoendelea kwa awamu nne, robo kila mara, kufikia tarehe 20 ya mwezi wa nne, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili wa mwaka wake wa fedha. Ukifunga Juni, hizo ni Oktoba, Desemba, Machi na Juni. Msimu wako mkuu ni Machi hadi Juni, kwa hiyo utakuwa umelipa robo tatu ya kodi kabla hujajua kama mvua itanyesha, tena awamu ya Machi inaangukia siku zile unazotafuta pesa za kujaza stoo. Ukifunga Desemba, awamu ni Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Ni ya kwanza tu inayokukuta gizani. Msimu ukiharibika, unashusha makadirio kuanzia Juni.

Kuna pia faida ya msimu huu wa kwanza. Salio la kodi hulipwa kufikia mwisho wa mwezi wa nne baada ya mwaka kufungwa: Oktoba 31 mwaka huu ukichagua Juni, Aprili 30 mwakani ukichagua Desemba. Miezi sita ya kuzungusha pesa hiyo si haba kwa duka changa.

Desemba nayo ina mwiba wake, ambao ni Aprili. Tuseme kodi ya mwaka wa kwanza ni 600,000. Mwaka wa pili unalipa awamu kwa asilimia 110 ya hiyo, yaani 660,000, kisha kodi halisi inatoka 900,000. Salio ni 240,000, la kulipwa kufikia Aprili 30. Siku kumi kabla yake, awamu ya kwanza ya mwaka wa tatu: robo ya 990,000, yaani 247,500. Jumla 487,500, katikati ya upanzi. (Juni haikuepushi na hili, inalihamishia Oktoba, kabla wakulima uliowakopesha hawajavuna.) Lakini salio unaweza kulilipa mapema. Lipa Januari, madeni ya mavuno yakishaingia, na Aprili ibaki na awamu peke yake.

Mimi ningechagua Desemba. Mauzo yakiwa chini ya milioni 25 kwa mwaka na uko kwenye kodi ya mauzo ya kila mwezi, chagua Juni ukipenda. Awamu hizi hazikuhusu. Ila fikiria mauzo ya miaka mitatu ijayo, maana kubadilisha mwezi baadaye kunahitaji idhini ya Kamishna.